UZI: Maneno ya kumwambia kiongozi wa kikundi anapoagiza fulana na mabango, na siku zinaanza kuhesabiwa lini

Kaunta ya Temeke – Jumanne, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wadau. Nina duka la uchapaji Temeke, huu ni mwaka wa nne. Wateja wangu wakubwa ni vikundi: vikoba, kwaya, klabu za jogingi, kamati za harusi, mahafali. Mashine nimezizoea. Kilichonitia hasara ni maneno ya kaunta.

Mwaka jana kikundi kimoja kiliagiza fulana 120. Nikawaambia "siku tatu tu". Wao wakahesabu kuanzia siku walipoingia dukani. Mimi nikahesabu kuanzia siku orodha ya saizi ilipokamilika, nayo ilikuja siku ya nne. Shughuli ilikuwa Jumamosi, fulana zikakamilika Jumapili jioni. Nikabaki na mafurushi mawili yenye jina la kikundi na tarehe ya sherehe kifuani, na nusu ya pesa sijaipata mpaka leo. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kila mmoja alikuwa na "siku tatu" zake.

Tangu hapo nimeandika maneno ambayo binti wa kaunta anayafuata neno kwa neno. Karatasi iko chini ya kioo cha meza. Naomba mnikosoe. Mteja akishasalimiwa na kukaa, tunaanza hivi:

"Karibu sana mwenyekiti. Kabla hatujafika kwenye bei, shughuli yenu ni lini? Na fulana mnawagawia wanachama siku gani?"

Swali la pili nimelijua kwa kuumia. Shughuli ni Jumamosi, lakini kuna mwanachama wa Chanika na mwingine wa Kigamboni, na zote lazima zipite mikononi mwa katibu. Kikundi kinahitaji fulana siku mbili kabla ya siku kinayoitaja. Nikiishapata tarehe ya kugawa, nahesabu kurudi nyuma, halafu nasema:

"Mwenyekiti, ili uzichukue Alhamisi saa 4 asubuhi, nahitaji vitu vitatu viwe mkononi mwangu kabla ya Ijumaa saa 6 mchana. Cha kwanza ni orodha ya saizi iliyofungwa, yaani haiongezeki mtu. Cha pili ni mchoro ambao wewe mwenyewe umeusoma na kuukubali kwa maandishi. Cha tatu ni nusu ya malipo. Siku vitakapotimia vyote vitatu ndiyo siku ya kwanza. Kikikosekana kimoja, siku haijaanza, na nitakupigia kukukumbusha."

Halafu jioni hiyohiyo namtumia WhatsApp maneno hayohayo, yakiwa na siku, tarehe na saa. Siandiki "siku tano". Naandika "Alhamisi, saa 4 asubuhi, dukani".

Oda iliyo mezani sasa hivi ni ya klabu ya jogingi: fulana 84 za kola, zile tunazoita form six, nyekundu. Kifuani nembo ya rangi mbili, nyeupe na njano, mgongoni maandishi meupe. Pia mabango mawili ya mita 3 kwa mita 1. Shughuli ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nimewapa Alhamisi saa 4. Je, nimejipa muda wa kutosha? Na maneno yangu yana tundu wapi?

---

Dogo Filamu – Jumanne, saa 2:31 usiku

Dada, pole kwa yaliyokukuta, ila mbona unajipa wiki nzima kwa fulana 84? Siku hizi ni DTF. Unachapa kwenye filamu, unamwaga unga, unapiga presi sekunde 15, kazi imeisha. Mteja analeta asubuhi, anachukua jioni. Ukiwa na DTF huhitaji karatasi ya kusoma, unamwambia tu "njoo jioni". Hizo fremu za wavu na wino wa kusukuma kwa mkono zinachelewesha watu.

---

Fundi Skrini – Jumanne, saa 3:05 usiku

Dogo, upande mmoja uko sawa. Fulana kumi, au kila mtu na jina lake mgongoni, DTF haina mpinzani, hata mimi ninayo. Lakini tuihesabu hii ya dada. Maandishi ya mgongoni tuseme sentimita 28 kwa 35. Filamu ya upana wa sentimita 60 inabeba mawili kwa mstari, kwa hiyo mistari 42, kila mmoja sentimita 36 ukiweka nafasi ya kukata. Hiyo ni zaidi ya mita 15 za filamu kwa mgongo peke yake. Bado kifua. Halafu ukate, upange, upige presi mara mbili kwa kila fulana. Jioni hiyo unaipata ukiwa huna mteja mwingine, umeme haujakatika na mashine haijaziba pua. Na hawa ni watu wa kukimbia: bamba kubwa la plastiki mgongoni linazuia jasho, wiki ya pili wanalalamika.

Sasa dada. Maneno yako mazuri, hasa hapo kwenye vitu vitatu. Nieleze muda unavyoliwa, maana ukiujua utaahidi bila kubahatisha.

Kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo una tatu: nyeupe ya kifua, njano ya kifua, nyeupe ya mgongo. Ukizipaka dawa jioni zinakauka usiku, asubuhi unazichoma kwa mwanga ili mchoro ushike, unaziosha, unazikausha tena. Hapo nusu siku imekwenda na hujagusa fulana. Kifua cha rangi mbili, watu wawili kwenye mashine ya mkono, hesabu fulana 25 kwa saa, kwa hiyo 84 ni saa tatu na nusu hadi nne. Mgongo ni rangi moja, unaenda kasi zaidi.

Wengi wanaishia hapo kwenye hesabu, wakati kinachokwamisha ni kuivisha wino. Kama huna mashine ya mkanda na unaivishia kwenye presi moja, kila fulana inakula kama dakika moja ukihesabu kuiweka, kuinyoosha na kuitoa. Fulana 84 mara pande mbili ni mara 168. Hizo ni saa tatu za mtu mmoja kusimama mbele ya moto. Akichoka anatoa mapema, na wino wa plastisoli unataka kufika kama nyuzi 160 wote mpaka chini. Usipoiva utakudanganya, maana ukishika umekauka. Uvute kwa vidole: ukipasuka kama udongo wa kiangazi haujaiva, na mteja ataurudisha baada ya kufua mara mbili.

Kwa hiyo ratiba yako ya Ijumaa hadi Alhamisi, ukitoa Jumapili, mimi naipa baraka. Ila nina swali moja. Hizo form six ni pamba au poliesta?

---

Kaunta ya Temeke – Jumanne, saa 3:20 usiku

Mchanganyiko, Fundi. Lebo inasema poliesta 65, pamba 35. Kwa nini?

---

Fundi Skrini – Jumanne, saa 3:48 usiku

Kwa sababu ni nyekundu na unaweka nyeupe juu yake. Nyekundu ya poliesta ikipata joto kali rangi yake inageuka mvuke na kupanda ndani ya wino. Unapotoa kwenye presi nyeupe ni nyeupe kabisa, unafurahi, unakunja, unafunga. Asubuhi unakuta waridi. Wakati mwingine inajitokeza baada ya siku mbili, fulana zikiwa tayari kwa mteja.

Nilipoteza fulana 40 za shule kwa njia hiyo. Sasa sikubali oda ya poliesta nyekundu, bluu iliyokolea au zambarau bila kuchapa moja na kuiacha ilale. Iivishe kama utakavyoziivisha nyingine zote, ikunje nyeupe iguse kitambaa, iweke chini ya uzito mpaka asubuhi. Kwa hiyo kwenye maneno yako ongeza hivi: "Siku ya pili tunachapa fulana moja ya majaribio na inalala kwetu." Mteja akielewa kwamba usiku huo ni sehemu ya kazi, hataona unamchelewesha.

---

Ndugu Msafiri – Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Samahani, mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniandikia maneno ya tangazo la redio la duka la fulana. Nimeona kichwa cha uzi nikadhani ndiyo hapa. Bei zenu za kuandika zikoje?

---

Kaunta ya Temeke – Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Hapana ndugu yangu, haya ni maneno ya kuzungumza na mteja akishafika dukani, si tangazo. Fungua uzi wako, watu wa redio wamo humu watakuona.

---

Mweka Hazina – Jumatano, saa 3:02 asubuhi

Niseme kutoka upande wa pili wa kaunta. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 35. Tulitengeneza bango la Siku ya Wanawake, ile ya tarehe 8 Machi. Mchapaji alitutumia picha kwenye simu, katibu wetu akajibu "sawa". Bango limekuja limeandikwa MAENDELO. Tumesimama nalo mbele ya mgeni rasmi. Mchapaji akasema tuliidhinisha. Na kweli katibu aliidhinisha, lakini aliitazama ndani ya daladala, picha ndogo kama kiganja, akatazama rangi na sura ya mwenyekiti. Herufi hakusoma.

Hela ya bango la pili tulitoa wenyewe. Mpaka leo naona haikuwa haki, maana neno hilo kwenye karatasi yetu lilikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyelikosea wakati wa kuliandika kwenye mchoro. Hivyo hayo maneno "umeukubali kwa maandishi" kwangu yananiuma kidogo. Msije mkayatumia kujikinga na makosa yenu.

---

Fundi Skrini – Jumatano, saa 3:30 asubuhi

Pole mama. Kwa mtazamo wangu, mlichosema "sawa" ndicho kinachochapwa. Mchapaji akibeba kila kosa atafunga duka.

---

Mchoraji wa Kongowea – Jumatano, saa 4:11 asubuhi

Hamjambo, nawasoma kutoka Mombasa. Fundi, hapo mie nakataa. Mteja akinipa maandishi yake kwa karatasi, nami nikayakosea nikiyaandika upya, hilo ni langu hata akisema sawa mara kumi. Akinipa maandishi yenye makosa, au akabadilisha baada ya kukubali, hilo ni lake. Ndiyo maana siyaandiki upya kamwe. Namwambia anitumie maneno kama ujumbe, nayanakili yalivyo na kuyabandika kwenye mchoro. Tukigombana tunafungua ujumbe wake.

Na njia ya kumfanya mtu asome kweli: usimuulize "iko sawa?" Atajibu sawa. Mwambie, "Nakuomba unirekodie sauti ukilisoma bango lote, na namba ya simu iliyo juu yake uipigie." Nishapata namba mbili za uongo kwa njia hiyo, simu ikaita kwa mtu wa Voi asiyejua lolote.

Jambo jingine dada, hilo la saa. Umeandika "saa 4 asubuhi", vyema sana. Usiache kamwe neno asubuhi au jioni. Nilikuwa na mteja wa ofisini, tukaandikiana "saa 4" tu. Mie nilikuwa na maana ya saa nne ya mchana wetu, yeye alitazama saa ya simu yake, akaja saa kumi jioni. Gari la kwenda Malindi lilikuwa limeondoka.

---

Kaunta ya Temeke – Jumatano, saa 5:25 asubuhi

Mama Mweka Hazina, nimekusikia. Nimebadilisha mstari wa mchoro. Sasa binti atasema:

"Mchoro huu nimeubandika maneno yako kama ulivyonitumia. Naomba uufungue mkubwa, unisomee kwa sauti kila neno, majina ya watu na namba za simu. Kwa kosa nililoingiza mimi, narudia kazi bure. Badiliko baada ya kunisomea linaanza siku upya, na kama fremu imeshachomwa kuna gharama ya fremu."

Na kwenye mabango kuna jambo la nembo. Klabu hii imenitumia nembo iliyokatwa kwenye picha ya gurupu. Wananiambia "si unaikuza tu".

---

Mzee wa Bango – Jumatano, saa 6:50 mchana

Hapo ndipo mahali pangu. Mimi nachapa mabango tu, miaka kumi na moja.

Bango lenyewe ni kazi fupi. Mita 3 kwa 1 mashine inaitoa upesi, hata kwa mwendo wa taratibu. Faili likiwa safi nakupa siku hiyohiyo. Lakini faili safi silioni mara nyingi. Picha yenye pikseli 1600 kwa upana, ukiivuta mita 3, unabaki na pikseli 5 tu kwa kila sentimita. Kwa picha ya umati anayeitazama kutoka mita kumi hajali. Kwa nembo yenye maandishi kingo zinakuwa ngazi. Kwa hiyo uwaulize hivi: "Nembo mlitengenezewa na nani? Naomba faili lake, PDF au lile alilochorea, na ulitume WhatsApp kama hati, usilitume kama picha." Kama halipo, dizaina wako aichore upya, na hiyo ni nusu siku yenye bei yake. Itaje mapema. Mteja akiisikia wakati wa kuchukua bango ataona umemtega.

Halafu kuna kukauka. Wino wa bango ukitoka unaonekana mkavu, ukilikunja hapohapo sehemu nyeusi na nyekundu zinagusana na zinang'oana. Mimi naliacha limelala wazi masaa manne, sehemu za wino mzito hata usiku kucha, ndipo napiga ringi za chuma pembeni. Na mteja nampa likiwa limeviringishwa, uso nje. Akilikunja kama shuka kunabaki mistari mieupe isiyotoka. Kwa hiyo mwambie mteja wa bango: "faili likifika kabla ya saa 4 asubuhi, bango kesho saa 4 asubuhi." Usimuahidi jioni ya leo hata kama unaweza. Ukilitoa mapema atakushukuru.

---

Dogo Filamu – Jumatano, saa 7:20 mchana

Nimewaelewa wakubwa. Ila kuna kitu hamjakigusa. Ukimpa mteja masharti yote hayo, anaenda duka la jirani linalosema "njoo jioni". Mimi ndiye huyo jirani, na napata wateja kwa hilo. Mtaji wangu ni haraka.

---

Kaunta ya Temeke – Jumatano, saa 8:05 mchana

Dogo, hilo ni kweli na limenitokea, sitakuficha. Wiki iliyopita kamati ya sendofu imeniacha. Ila wenye fulana 50 na kuendelea wameshaumia mahali. Nikiwaambia "Alhamisi saa 4" wananiuliza "una uhakika?" Nawaonyesha daftari la oda zilizotoka, tarehe niliyoahidi na tarehe walizochukua, na sahihi zao. Hapo wanatoa pesa.

Kwa mwenye haraka kweli nina maneno yake: "Naweza kukutolea kesho jioni kwa DTF, nembo ya kifuani tu, fulana zisizozidi 30, na kuna nyongeza ya haraka." Nampa kilicho ndani ya uwezo wangu na namwambia nimepunguza nini.

Kinachonisumbua bado ni wanaoongezeka. Orodha inafungwa 84, Jumatatu mwenyekiti anapiga: "Dada wameongezeka watano."

---

Fundi Skrini – Jumatano, saa 8:40 mchana

Hao watano ndio wanaovunja tarehe za watu. Mkubalie, lakini usiwaingize kwenye foleni ileile. Mwambie: "Mwenyekiti, hao watano nawapokea, fremu naitunza wiki mbili. Hawa 84 wanatoka Alhamisi kama tulivyokubaliana, hao watano wanatoka Jumatatu inayofuata." Ukisema hivyo, mara nyingi watano wanakuwa wawili. Na kila oda nunua fulana tatu za ziada, L mbili na XL moja, kwa ajili ya zitakazoharibika mashineni. Zisipoharibika ndiyo unawapa hao.

Saizi nazo usiwaachie waandike tu kwenye gurupu. Form six za maduka tofauti ya Kariakoo zinatofautiana, L ya hapa ni M ya pale. Mpe katibu seti moja ya kuvaa, S hadi XXL, akae nayo kwenye kikao kimoja, watu wajaribu. Mchukulie dhamana ndogo arudishe.

---

Mweka Hazina – Jumatano, saa 9:15 alasiri

Hiyo ya seti ya kujaribu ni nzuri sana. Kwetu akina mama wengi wanaona aibu kuandika XXL mbele ya wenzao, wanaandika L, halafu hawavai.

---

Mchoraji wa Kongowea – Jumatano, saa 12:30 jioni

Niwaulize nyie mlio huko bara. Msiba mnafanyaje? Kwetu wengi ni maziko ya haraka, leo leo au kesho, tishati hazina nafasi. Ila wateja wangu wanaosafirisha mwili kwenda Taita au Ukambani wanataka tishati 50 zenye picha ya marehemu kwa siku mbili. Nyongeza ya haraka nawatoza au la? Mke wangu anasema nisitoze. Nami nalipa vijana wakeshe.

---

Mzee wa Bango – Jumatano, saa 1:10 usiku

Mimi sitozi. Bango la msiba ni bei ileile, na naliweka mbele ya yote. Wafiwa hawasahau.

---

Fundi Skrini – Jumatano, saa 1:22 usiku

Mimi natoza, lakini natoza ya vijana waliokesha tu na namwonyesha hesabu. Bango ni la saa moja, Mzee. Fulana 50 za picha ni usiku mzima wa watu wawili. Na zile oda za watu wengine ulizozisukuma nyuma nazo ziliahidiwa.

---

Kaunta ya Temeke – Jumatano, saa 1:50 usiku

Kwenye karatasi yangu sehemu ya msiba nimeiacha wazi. Binti ananipigia mimi, naamua mwenyewe.

---

Kaunta ya Temeke – Jumapili, saa 11:05 jioni

Wadau, nawaletea matokeo mpaka hapa. Vitu vitatu vilitimia Ijumaa saa 5:40, dakika ishirini kabla ya mwisho. Orodha imebaki 84 baada ya katibu kukaa na seti ya kujaribu. Watu kumi na wawili walibadilisha saizi.

Jana nilichoma fremu, nikachapa fulana moja ya majaribio, nikaiweka chini ya mabunda ya fulana. Ilitoka nyeupe safi, nikataka kumdharau Fundi moyoni. Leo baada ya ibada nimepita dukani kuifungua. Njano haijabadilika kwa macho. Nyeupe ya kifuani imekuwa waridi hafifu, na ya mgongoni, yenye wino mwingi, waridi kabisa.

---

Fundi Skrini – Jumapili, saa 11:30 jioni

Afadhali moja kuliko 84. Njia mbili. Ama utafute wino mweupe wa poliesta unaoiva kwa joto la chini, au uweke kwanza tabaka la wino wa kijivu wa kuzuia, nyeupe inapita juu yake. Kijivu kinaishika ile rangi isipande. Utahitaji fremu moja zaidi kwa kila upande, na kijivu kiwe kinene kiasi cha kuficha nyekundu. Na presi usizidishe joto wala muda uliopangwa. Chapa moja tena kesho asubuhi, ikunje, iache mpaka jioni juu ya kitu chenye joto, kama kifuniko cha presi iliyozimwa. Ikibaki nyeupe, endelea.

Una siku ngapi za akiba?

---

Kaunta ya Temeke – Jumapili, saa 11:41 jioni

Moja. Jumatano.

---

Fundi Skrini – Jumapili, saa 11:44 jioni

Basi imeshatumika. Jumatatu majaribio na fremu, Jumanne kifua, Jumatano mgongo. Mtafute mtu wa pili wa presi Jumatano. Na mpigie mwenyekiti kesho asubuhi umwambie ulichokiona, hata kama tarehe haibadiliki.

---

Kaunta ya Temeke – Alhamisi, saa 7:15 mchana

Mwenyekiti na katibu wamekuja saa 4:10. Tulihesabu pamoja kwa saizi, S kwanza, kila saizi kwenye mfuko wake na orodha ya majina juu. Zimetimia 83. XXL moja ilipata doa la wino kwenye kola, na ziada zangu zilikuwa L na XL tu kama Fundi alivyoshauri, hivyo sikuwa na ya kubadilishia. Nimewaambia kabla hawajaanza kuhesabu. Kijana wa bodaboda ameenda Kariakoo kuchukua XXL, fremu bado ziko sawa, itatoka leo saa 12 jioni na mwenye nayo ataifuata mwenyewe.

Nyeupe ni nyeupe. Nilizifungua tatu za katikati ya bunda mbele yao, za jana na za juzi.

Mabango yalitoka jana, yamelala wazi usiku. Mwenyekiti alinisomea bango lote kwa sauti ile Ijumaa, akakuta mwaka wa kuanzishwa kwa klabu umekosewa kwenye ujumbe wake mwenyewe.

Fundi, ziada ninunue na XXL moja siku zote, au inategemea kikundi?

---

Fundi Skrini – Alhamisi, saa 7:50 mchana

Inategemea orodha. Saizi yenye watu wengi na saizi kubwa kuliko zote, moja moja. Ile kubwa ndiyo ngumu kupata Kariakoo ukiwa na haraka.

---

Dogo Filamu – Alhamisi, saa 8:20 mchana

Dada, ukipata oda ya majina mgongoni nitafute. Na hiyo karatasi ya chini ya kioo naomba picha yake.